Sufuria ya Uji wa Harusi

Asubuhi ya harusi ya kaka yangu, kwetu Marani, mimi nilikuwa nimeketi kwenye cherehani nikipunguza gauni la mmoja wa wasimamizi. Mama akaja akaniambia niyaache mambo ya nguo kwanza. Tulitarajia wageni mia moja na hamsini wa uji wa wimbi kabla ya ibada, na sufuria kubwa tuliyoazimwa na kanisa ilikuwa moja tu. Alitaka kumtuma mtu wa boda boda hadi Masimba akatafute ya pili. Mama mdogo, dada yake, alisema moja inatosha. Walikuwa wamebishana tangu kulipopambazuka, huku wakicheka.

Nilishuka jikoni na tepu yangu ya kushonea shingoni. Nilipima kwa ndani, ukingo hadi ukingo, nikiipitisha tepu katikati kabisa: sentimita sitini. Kimo arobaini. Uji ukichemka hufura, kwa hiyo niliacha sentimita nane juu, nikabaki na thelathini na mbili.

Nikachukua simu. Sitini mara sitini, mara tatu nukta moja nne, mara thelathini na mbili. Nikagawanya kwa elfu moja nipate lita. Ikatoka mia tatu na sitini na kitu.

Mama mdogo aliniuliza kama ninapima sufuria au tangi la shule. Nikajicheka. Nilisahau kugawa kipenyo kwa mbili. Nikaanza upya: thelathini mara thelathini, kisha yale mengine yaleyale. Lita tisini.

“Kikombe chetu ni nusu lita,” nikamwambia mama. “Ni vikombe mia moja na themanini.”

“Simu haijawahi kupika,” akasema mama.

Basi tukapima kwa maji. Tuliweka alama ya makaa ndani ya sufuria, sentimita thelathini na mbili kutoka chini, wanawake wakaleta mitungi ya lita ishirini. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Maji yalikuwa bado chini ya alama. Nusu ya mtungi wa tano ikayafikisha pale pale. Wakapiga vigelegele hadi bwana harusi akatoka nje na povu la kunyolea shavuni, akidhani bibi harusi amefika.

Tulichota maji ya nusu mtungi tukakorogea unga, mengine tukayachemsha. Mama mwenyewe aliushika mwiko. Uji ulipanda, ukatikisika karibu na ukingo, haukumwagika.

Wageni walikunywa, wengine wakarudi kuongeza. Mama alikuwa akimweleza kila jirani aliyefika jinsi ya kugawa kipenyo kwa mbili, kama kwamba ndiye aliyenifundisha. Nikarudi kwenye cherehani. Gauni lilikuwa bado linanisubiri, na yule msimamizi alikuwa ameshamaliza kikombe cha pili.