Swali la Saba

Nilikuwa wa kwanza darasani kwa miaka miwili, halafu akaja yeye. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue chuki yangu ilianzia wapi, maana mimi si mtu wa kujifanya mwema. Alihamia shule yetu ya bweni akiwa na sanduku la bati lisilo na kufuli. Muhula wa kwanza akanipita kwa alama nne. Muhula wa pili tukalingana. Watu walidhani sisi ni marafiki kwa sababu tulikaa dawati moja, lakini tulikaa pamoja kwa kuwa ni sisi wawili tu tuliokuwa tukisoma hesabu za ziada, zile za kalkulasi, na kitabu kilikuwa kimoja.

Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kalamu nyekundu. Daftari zilikuwa adimu, kwa hiyo hesabu za ziada alitutaka tufanye kwa penseli. Muhula ukiisha tulifuta kurasa zote kwa raba na daftari lilelile likaanza upya. Mpaka leo nikishika karatasi iliyofutwa naona aibu, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya likizo ya muhula huo wa pili mwalimu alituita wote wawili. Mkuu wa shule alitaka jina moja tu la kupeleka chuo kikuu huko Uganda, na sisi tulikuwa tumefungana kama mafahali. Mwalimu akasema ataamua kwa kazi ya likizo. Yalikuwa maswali kumi, yote ya kanuni ya mnyororo na ya kutafuta mahali mstari uliopinda unaposimama kabla ya kuendelea.

Hapo ningependa kusema kila mmoja alikwenda kwao, lakini mwenzangu hakuwa na kwao pa kwenda. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Wazazi wake walikuwa wamefanya kazi katika shamba la Mzungu kule Mau Narok tangu kabla hajazaliwa, kisha siku moja wakapakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, yale maeneo waliyotengewa Waafrika, naye hakuruhusiwa kuwafuata. Mkuu wa shule akaandika barua, baba yangu akaipeleka ofisi ya serikali ikapigwa muhuri wa kibali, na mpinzani wangu akaja kulala kwenye mkeka wangu, katika nyumba yetu ya reli pale Nakuru. Wiki tatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yangu alikuwa hajasikia methali hiyo. Siku ya tatu alimpa mgeni kiti chenye mgongo, mimi nikapewa jembe. Alimwita mwanangu. Mimi aliniita wewe. Wewe, lete maji. Wewe, mpishe mwenzako mezani anasoma. Baba, aliyekuwa karani wa mizigo na hakupenda mtu yeyote kirahisi, alianza kumsimulia habari za mabehewa na mahindi ya Rongai, habari ambazo mimi sikuwahi kusimuliwa. Jirani mmoja akauliza kama huyu ndiye kijana wa karani anayesoma sana. Baba akacheka, wala hakumsahihisha.

Nilikuwa na wivu. Sina neno jingine la kuupamba. Ulinikaa kifuani nikila na nikitembea, na kibaya zaidi ni kwamba yeye hakufanya lolote la kuustahili. Aliosha vyombo. Alimtungia mama yangu uzi kwenye sindano kwa sababu macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka. Mtu wa namna hiyo utamchukia vipi bila kujichukia mwenyewe? Nilifanya yote mawili.

Maswali kumi aliyamaliza kwa siku mbili, akafunga daftari na kuliweka juu ya kabati. Mimi nilikuwa bado nahangaika. La saba lilikuwa hili: y = (x² − 4)³, tafuta mahali mstari unaposimama na useme kila mahali ni pa namna gani. Kanuni ya mnyororo si ngumu kuisema. Unashughulikia ganda la nje, yaani ile nguvu ya tatu, na kilichomo ndani ukikiacha kama kilivyo. Kisha unazidisha kwa mteremko wa hicho cha ndani. Ni hilo la pili ambalo watu husahau, na mimi nilisahau. Niliandika 3(x² − 4)², nikaifanya sawa na sifuri, nikapata x = 2 na x = −2, nikaridhika.

Jumapili ile mama alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hapewi mtoto, na mwanamke haigusi. Siku baba asipokuwepo hubaki kwenye sufuria ikimngoja. Baba alikuwepo. Aliichukua kwa kijiko kutoka kwenye sahani yake, akaivusha mbele yangu, akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Akasema kijana anayetumia kichwa namna ile anastahili. Mama akatabasamu. Mwenzangu alinitazama mimi kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Kesho yake mchana alikwenda na mama sokoni kumbebea kapu. Nikalishusha daftari lake.

Nilianza kwa kuangalia tu, naapa. Nikafika swali la saba nikaona pale nilipoandika 3(x² − 4)² yeye ameongeza × 2x, kwa kuwa mteremko wa x² − 4 ni 2x, na jumla yake ni 6x(x² − 4)². Ile x iliyokaa mbele inaleta jibu la tatu: x = 0. Na hapo sifuri ndipo mstari unapofika chini kabisa, y ikiwa −64, halafu unaanza kupanda. Kwenye 2 na −2 unalala kidogo tu kisha unaendelea kuelekea kulekule ulikokuwa ukienda. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeziona ngazi mbili za pembeni nikaukosa mlango wenyewe.

Nikasahihisha daftari langu. Ningeishia hapo ningekuwa mwizi wa kawaida. Lakini nilichukua raba, nikafuta × 2x yake, nikafuta 6x(x² − 4)², nikaacha 3(x² − 4)². Nikafuta x = 0 na mstari mzima wa ile −64. Nilimpa kosa langu, nikachukua jibu lake. Mwandiko wetu ulifanana kwa kukaa pamoja, hivyo palipohitaji kujazwa nilijaza.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, mteremko wa mteremko, ambao hutumika kupima kama pale mstari unaposimama ni bondeni au kileleni: 6(x² − 4)(5x² − 4). Niliutazama. Ukiweka 2 unapata sifuri, ukiweka −2 unapata sifuri, na yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba kipimo hicho hakisemi kitu pale, ni lazima kuangalia kila upande. Nikaona hauna madhara, nikauacha. Ukweli ni kwamba sikujua ulivyopatikana, na sikutaka kukubali kuwa kuna kitu alichokijua ambacho mimi sikukijua.

Tuliporudi shuleni mwalimu alikaa na madaftari siku mbili, kisha akatuita darasani baada ya masomo. Majibu yangu yalikuwa sahihi yote kumi. Yake tisa. Niliinamisha uso ili furaha isionekane.

Mwalimu hakuwa amemaliza. Aliandika ubaoni 3(x² − 4)², akamwambia mwenzangu atafute mteremko wake. Mwenzangu akaandika 12x(x² − 4) bila kusita. Mwalimu akamwekea daftari mbele, akaonyesha kwa kidole.

"Kama mstari wako wa kwanza ndio huu, wa chini ungekuwa huo uliouandika ubaoni. Lakini wa chini umetokana na 6x(x² − 4)². Mstari wa chini unajua kitu ambacho wa juu haukijui. Nani amefuta?"

Mwenzangu aliinama juu ya ukurasa. Nilimwona akisogeza kidole pale karatasi ilipokuwa imechubuka. Daftari lile lilikaa juu ya kabati moja, katika nyumba moja, na aliyejua kalkulasi katika nyumba hiyo zaidi yake alikuwa mmoja. Nilianza kuhesabu nani ataniambia nifungashe sanduku, mkuu wa shule au baba.

"Ni mimi, Bwana," alisema. "Niliingiwa na shaka nikafuta."

Mwalimu alimuuliza mara mbili. Alijibu vilevile mara zote mbili. Mwalimu akanitazama mimi, akarudi kumtazama yeye, na nadhani alijua, lakini hakuwa na kingine cha kushika ila neno lake. Akasema anayekosea anaweza kufundishwa, ila anayejua kweli kisha akaifuta, yeye mwalimu hawezi kumdhamini kwa barua. Jina lililokwenda Uganda lilikuwa langu.

Nilimfuata kwenye bomba alipokuwa akiosha sahani yake. Nilitaka anitukane, nitukane naye, tupigane, yaishe. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Hakugeuka.

"Nimekula kwa mama yako wiki tatu," alisema. "Nitamtajaje mtoto wake?"

Kisha akafunga maji, akaenda zake. Hatukukaa dawati moja tena. Aliomba kuhamia mbele, akasema macho yanamsumbua.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani na barua ya chuo. Baba aliisoma akiwa amesimama, akanipa mkono kama mtu mzima. Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Walipoondoka akanimiminia chai, akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu mwenzangu, amepata nini. Nikamwambia hakupata, alikosea hesabu moja. Aliweka kikombe chini. Akauliza kama alikuwa mgonjwa siku hiyo, maana mtoto yule hakosei. Nikasema sijui. Akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema nimwandikie barua aje, nyumba hii ni yake, na mimi niliyekuwa na Uganda mfukoni nilikaa pale mbele ya mama yangu nikimwonea mtu yule wivu kuliko siku zote.