Niliogopa Kuuliza Makato

Dada wa ofisi ya wakala wa ajira alinisogezea barua ya kazi ya maabara kwenye kiwanda cha samaki, Ilemela. Mshahara laki nane. Nilikuwa sina kazi tangu masika, na niliogopa kwamba swali moja tu lingeniponza.

"Samahani dada, hiyo ni kabla ya makato, au ndiyo itakayoingia mkononi?"

"Ni kabla. Kwanza unatoka mchango wa pensheni, halafu kodi inakatwa kwenye kinachobaki."

Nilimwonyesha mstari kwa kidole. "Hapa wameandika nitakatwa asilimia ishirini ya pensheni. Mwajiri naye anachangia nini?"

Aliisoma upya. Akatoka na simu, akafunga mlango. Nilimsikia akitaja jina langu. Mama yangu kule Magu nilishamwambia nimepata kazi. Sasa nimeikosa kwa mdomo wangu.

Alirudi bila kutabasamu. "Wamekosea. Kumi unakatwa wewe, kumi wanatoa wao. Mkononi utapata laki sita na sitini. Nitakutumia barua nyingine."

Ilikuja Alhamisi, imerekebishwa. Niliisoma mara tatu kabla sijathubutu kutia saini.