Gemu Iliyofutwa Nyanga

Mdogo wangu wa kike alirudi likizo nyumbani kwetu Nyanga kutoka shule ya bweni Kamachumu, akaikuta mashine yetu ya gemu imejaa. Ili apate nafasi ya gemu yake ya mpira, akafuta ya kwangu, niliyoinunua mtandaoni nikiwa chuoni. Nilipoikosa nilipaza sauti hadi baba akatoka kwenye migomba.

“Nimefuta gemu tu, kaka. Ulipofikia pamebaki. Ukiitaka tena unaipakua bure, maana umeshainunua kwa akaunti yako.”

“Nani kakuambia?” Ndilo swali langu kwa kila mtu, ila siku hiyo sikusubiri jibu.

Baba hajui gemu. Alichosikia ni kwamba mdogo ameharibu mali ya mkubwa. Akamwamuru aombe msamaha, naye akapiga magoti sebuleni kama wasichana wa kwetu wanavyofundishwa. Nikalipokea ombi lake.

Alipoinuka, alifungua orodha ya gemu nilizonunua. Yangu ilikuwepo, haina bei, ina kitufe cha kupakua tu. Kwa kuwa nafasi haikutosha zote mbili, akafuta ile yake ya mpira, kisha akabonyeza kitufe kwa bando lake.

Kesho yake mchana niliifungua, nikajikuta palepale nilipokuwa nimeachia.

“Imepona?” baba aliuliza kutoka mlangoni.

Mdogo wangu alikuwa karibu naye, akimenya ndizi, akinitazama.

“Haikuwa imeharibika, baba,” nilisema, na hata hilo nililisema kwa sauti ndogo.