Alama ya Kuuliza Iliyofutwa

Mwaka wa 2023, mvua za Septemba zilipoanza, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, niliyoipata nikiwa na arobaini na minne. Tulikuwa watatu tu tuliotunza programu ya simu ya benki yetu ndogo ya Bukavu. Ilikuwa imeandikwa kwa Java, lugha ya kuandikia programu, na sehemu kubwa niliiandika mimi.

Mkuu wetu mpya wa kitengo, kijana aliyesomea Kinshasa, alitaka yote iandikwe upya kwa Kotlin, lugha changa zaidi, kabla ya Noeli. Sikuipinga Kotlin. Nilisema lugha hizo mbili hukaa pamoja ndani ya programu moja: tuandike mapya kwa Kotlin, na ya zamani tuyahamishe kila tunapoyagusa, baada ya kuyaandikia majaribio ya kuhakikisha hayaharibiki.

"Maman, unalilia Java kama bwana yako," alisema. Mwenzetu wa tatu akacheka.

"Bwana yangu nilishamuzika. Java ndiyo ingali inakulisha."

Akanijibu kwamba kazi hiyo ikiisha, watu wawili watatosha. Wa kuondoka alieleweka.

Alianza na sehemu ya majina ya wateja. Kifaa cha kugeuza Java kuwa Kotlin kiliweka alama ya kuuliza kwenye post-nom, jina linalofuata lile la ukoo; maana yake jina hilo laweza kukosekana. Akaifuta.

"Mukongomani gani hana post-nom?"

Nilimwambia kwamba wazee wa kisiwa cha Idjwi tuliowaandikisha zamani wana majina mawili tu, na kwamba Java yangu huliruka pengo hilo. Aliendelea kuandika kana kwamba redio ndiyo iliyosema.

Toleo jipya lilipotoka, ukurasa wa mwanzo, uliobaki wa Java, ulipeleka post-nom isiyokuwapo kwa Kotlin yake. Kotlin ikakataa kuipokea, na programu ikajifunga. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mmoja wa Idjwi akasimama gisheni, kwenye dirisha la wateja, simu mkononi.

"Kila nikifungua, inajifunga. Mumenifukuza?"

"Uza hiyo telefone, mama, ununue ingine," mkuu wangu alimwambia.

Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza. Niliichukua simu ya yule mama, nikaiweka juu ya meza ya mkuu, nikamwonyesha pale alipofuta. Aliirudisha alama. Kuomba radhi hakuomba, si kwake, si kwangu.

Tarehe 11 Desemba, Jumatatu, mkurugenzi wa benki alitusomea uamuzi: mapya kwa Kotlin, Java ibaki hadi iguswe, majaribio kwanza, sote watatu tubaki. Chini yake: "kwa pendekezo la mkuu wa kitengo."

"Siweki sahihi," nilisema.

"Maman, si jambo lenyewe limepita?" mkurugenzi aliuliza.

"Limepita likiwa langu."

Waliichapa karatasi upya, pendekezo likiwa kwa jina langu, wamenuna. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikatia sahihi.