Vichwa Vilivyolala

Kama kuna kitu kimewahi kunitoa jasho kwenye baridi ya Lushoto, ni lile jedwali la dawa za mboga.

Nina stesheneri ndogo karibu na stendi. Bwana shamba wa kikundi cha wakulima huko Soni alikuja asubuhi akiwa na mama yangu mzazi, ambaye ndiye mtunza stoo wa kikundi. Nikamwamkia mama, nikamwamkia na bwana shamba, maana kanizidi umri. Akatandaza mezani karatasi iliyooza kwa unyevu wa stoo. Upande wa kushoto, kutoka juu kwenda chini, zilipangwa mboga: kabichi, karoti, hoho, maharage. Juu yalikuwa majina ya dawa, na kwenye kila kisanduku namba ya siku za kusubiri baada ya kupuliza, ndipo uvune. Alitaka nyingine kama ile ile, ikabandikwe stoo.

Shida ni kwamba namba ni fupi na majina ya dawa ni marefu. Ukiyaandika kwa kulala, jedwali halienei kwenye karatasi. Nikayasimamisha wima, kila jina juu ya safu yake, nikamwonyesha. Akakunja shingo, akakunja uso. Hakutaka. Karatasi yake ya zamani majina yalikuwa mshazari, na wakulima wameshayazoea.

Haya. Programu ninayoandikia barua inajua kusimamisha maneno tu, kuyalaza mshazari kwenye jedwali haiwezi. Nikahamia ile ya mahesabu, nikaanza upya kila kitu, umeme ukakatika, nikaanza tena. Nikayainamisha kwa nyuzi arobaini na tano. Mistari ya vichwa nayo ikainama pamoja na maneno, kila jina likawa ndani ya uchochoro wake unaoteremka mpaka kwenye safu yake. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Bwana shamba akasema mistari ile inafanana na banda linaloanguka, niitoe. Nikamweleza kwamba ndiyo inayoshikilia jina na safu yake. Akasema mbona ya zamani haikuwa nayo na watu wanasoma vizuri tu. Jamani, mteja akishaamua! Nikaitoa, huku nabonyeza vibonye kama navidai.

Nilipoitazama karatasi ilipotoka kwenye mashine, roho haikutulia. Mguu wa kila jina ulikuwa juu ya safu yake, sawa, lakini kichwa cha jina kilikuwa kimeegemea kulia, juu ya safu za jirani. Sasa mtu ashuke na jicho kuanzia wapi? Bwana shamba anazijua zile siku kwa kichwa, hana haja ya kusoma. Nikampa mama.

"Mama, kabichi ukiipulizia dawa ya viwavi, unasubiri siku ngapi?"

Mama akatafuta jina, akalifuata kwa kidole mpaka lilipoishia juu kulia. Kutoka hapo akashuka wima, moja kwa moja, mpaka mstari wa kabichi.

"Tatu," akasema.

Ilikuwa kumi na nne. Tatu ni ya dawa ya ukungu, safu ya pembeni.

Bwana shamba akacheka, akasema mama kasahau miwani. Mama akamjibu kwa Kishambaa, kwa upole, kwamba miwani anayo usoni. Nikamsogezea ile karatasi iliyooza, nikamwomba asome na hiyo. Kidole kikapanda mpaka mwisho wa jina, kikashuka wima. Tatu.

Kicheko cha bwana shamba kikakatika. Nilikuwa na hasira naye za kutosha siku nzima, na nilishapanga maneno ya kumpasha, lakini nilipomwona anaiangalia ile karatasi, nikayameza. Akauliza ni nani wengine stoo wanaosoma hivyo. Mama akasema hakuna anayesoma, wote wanamuuliza yeye.

Nikakaa kwenye kiti, nikayarudisha majina wima, nyuzi tisini, na mistari yake. Nikachapa. Mama akakunja shingo kidogo, akashusha kidole.

"Kumi na nne," akasema. Bwana shamba akaitikia kwa kichwa, akatoka nje kupiga simu.

Mama hakuondoka. Alikuwa bado ameshika ile karatasi mpya.

"Zile kabichi nilizokuletea Jumapili ya juzi," akasema, "nilizipulizia ya viwavi. Nikahesabu tatu. Wajukuu zangu walikula?"

Nikamwambia walikula.

"Kuna aliyeumwa?"

Mwanangu mdogo alitapika na kuharisha usiku ule kucha, tukasema ni tumbo la kawaida tu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakuna aliyeumwa."