Nani Atamwitikia Barasa

Siku yangu ya kwanza jeshini nilifokewa kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimetoka Msambweni na kisanduku changu cha mbao, na nilipomwona sajenti mkufunzi, yaani askari anayewafunza makuruta, nikamwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Akanizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Hapa hakuna shikamoo," akasema. "Ukiitwa jina, jibu lako ni 'Nipo, afande'. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee," nikamjibu, na kwa huo uzee niliomvika nikapigishwa kwata mpaka jua likazama.

Nawaambia vijana haya kwa sababu kazi ya askari, ukiacha yale mnayoyaona kwenye filamu, sehemu kubwa ni kuitwa jina. Asubuhi unaitwa, jioni unaitwa. Gwaride la jioni, ule mkusanyiko wa kikosi kabla bendera haijashushwa, kwetu lilikuwa halikamiliki bila majina. Anayeita anataka kujua kama wote aliowatoa asubuhi wamerudi.

Baada ya mafunzo nilipelekwa mpaka wa kaskazini, chini ya meja mmoja mpole aliyejali chai yake ya tangawizi kuliko cheo chake. Huko ndiko nilikoingizwa kwenye seksheni, kikundi kidogo kabisa cha jeshi, watu wanaotosha kuzunguka sufuria moja. Barasa alikuwa mtu wa redio, na alicheka kabla hajamaliza kusimulia. Kilonzo alikuwa dereva, maneno yake ya kuhesabika. Rashidi alikuwa wa Bodo, jirani yangu kabisa, na kila tulipopewa maharagwe alituhadithia kaa wa mikokoni kwao mpaka tukamkataza. Nderitu, mtu wa milimani, ndiye niliyelala naye handaki moja. Sijapata tena watu wa kunijua namna ile.

Kisha tukatumwa nchi ya mbali, kulinda amani ya watu wengine. Kulinda amani ni kazi ya ajabu: unabeba bunduki ukiomba usiitumie, unasindikiza malori ya chakula, unasimama katikati ya watu wawili waliokwisha kusahau walianza kugombania nini. Asubuhi moja lori la mbele lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Kilonzo alikuwa akiendesha. Barasa na Rashidi walikuwa pembeni yake. Mimi na Nderitu tulikuwa lori la pili.

Jioni ile sajenti meja, msimamizi wa nidhamu ya kikosi chote, aliita majina kama kawaida. Tulidhani atawaruka. Hakuwaruka. Aliita, "Barasa." Kimya. Akaita tena, na sauti yake haikubadilika. Ndipo Nderitu akapiga mguu chini akajibu, "Yupo, afande." Nikamwitikia Kilonzo, kisha Rashidi.

Baadaye sajenti meja alitujia hemani. "Mlivyofanya ndivyo," akatuambia. "Aliyekufa huitikiwa na aliyekula naye. Si mwingine yeyote." Ikawa desturi ya kikosi chetu tangu siku hiyo.

Nilistaafu nikarudi Msambweni kulima mihogo. Nderitu naye alinifuata, akazoea joto la pwani, akapata kazi ya kulinda geti la hoteli huko Diani. Kila mwaka, kwenye kumbukumbu ya mashujaa tunayoifanya sisi wastaafu katika uwanja wa shule, yeye aliita na mimi niliitikia. Mwaka jana tulimzika. Mke wangu alikuwa ametangulia. Tangu hapo nyumba yangu imekuwa kubwa mno, na naweza kumaliza siku nzima bila mtu kutamka jina langu.

Mwaka huu wenzangu wastaafu waliniomba nitoe hotuba. Nilikubali, lakini roho haikutulia. Nikiita, nani ataitikia? Na nikiitikia, nani ataita? Naibu chifu, binti mmoja aitwaye Mwanaisha, alisikia wasiwasi wangu akaja nyumbani kuniona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hilo la majina lisikusumbue. Mimi nitayaita, na uwanja mzima utaitikia. Hutakuwa peke yako, babu. Na vijana hawa wanahitaji jambo la kuwaunganisha, maana unajua walivyo sasa."

Nilijua. Majuzi vijana wa steji ya bodaboda na wale wa kutoka bara wanaofanya kazi hotelini walikuwa wameshikiana mapanga, na siasa za uchaguzi zilikuwa zikichochea moto. Nikamwambia Mwanaisha ni sawa. Kusema kweli nilifurahi. Mtu mpweke haombi mengi.

Siku yenyewe mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Bendera ilipandishwa hadi juu kwanza, kisha ikateremshwa nusu mlingoti. Mpiga tarumbeta akapiga wito wa mwisho, ule unaopigwa kambini siku inapofungwa. Tukanyamaza, vichwa chini, kisha ukapigwa wito wa kuamka na bendera ikarudi juu. Shekhe akaomba dua, padri akasali. Dada yake Rashidi aliweka shada la maua, medali ya kaka yake ikiwa kifuani upande wa kulia, maana upande wa kushoto ni wa aliyeipata mwenyewe. Kisha Mwanaisha akashika kipaza sauti.

"Barasa."

"Yupo!" uwanja mzima ukanguruma.

Nakiri nilisikia raha, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kisha nikamwona Salimu, mkubwa wa steji ya bodaboda, mkono wake ungali na bandeji, akiitikia kwa nguvu kuliko wote. Hatua chache kutoka kwake alikuwepo Mutua, mpishi wa hotelini, naye kapasua koo. Ile raha ikanitoka. Nikaenda nikamwomba Mwanaisha kipaza sauti.

"Wanangu, ahsanteni," nikasema. "Lakini msiitikie tena. Barasa huitikiwa na aliyekula naye akamwokota vipande vipande. Hiyo ndiyo sifa inayotakiwa, na hapa mwenye nayo ni mimi peke yangu. Salimu, wewe hunayo. Mutua, hunayo. Juzi mlikuwa mnaitafuta kwa mapanga. Nimezunguka kulinda amani za watu, na popote nilipokwenda vita vilianza na vijana waliojuana majina, kama mnavyojuana nyinyi. Naumia kusimama hapa peke yangu. Naumia sana. Lakini sitaki mwenzangu wa kusimama naye apatikane miongoni mwenu."

Nikamrudishia kipaza sauti. Akaendelea kuita.

"Kilonzo."

"Yupo, afande," nikajibu.

"Rashidi."

"Yupo, afande."

Dada yake aliinama akajifunika uso kwa leso. Wengine wote walitii, hawakuitikia.

Sijui kama mapanga yalirudi kukata nazi tu. Hotuba haifanyi yote, na mimi si mtu wa kujidanganya. Nilichokiona ni kwamba viti vilipokuwa vikikusanywa Salimu alishindwa kuinua meza kwa mkono ule mmoja, na Mutua akashika upande wa pili. Walipoitua, Salimu akanijia.

"Babu, na wewe siku yako ikifika? Nani atakuitikia?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mniite, kisha mnyamaze. Kimya hicho cha watu wasiowahi kuokota wenzao ndicho nilichokifanyia kazi."