Tangazo la Chanjo na Mkono wa Mtoto wa Mchungaji

Tangazo lilikuja Jumatatu na lori la maziwa, likiwa ndani ya bahasha ya kahawia iliyoandikwa jina la chama chetu cha akina mama. Lilitoka katika zahanati moja ya mjini Nakuru. Lilipigwa chapa kwa mashine upande mmoja wa karatasi na kugongwa muhuri chini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya shamba, upande wa Bahati, na kwa kuwa wanachama wengi hawakuwa wamepata nafasi ya kusoma, nilifanywa karani wa chama bila kuombwa. Nililisoma nikiwa nimesimama, kisha nikalisoma tena nikiwa nimeketi, kwa sababu wiki hiyo kila mtu alikuwa akizungumza juu ya ndui. Ilisemekana kwamba watu wawili walikuwa wameugua katika shamba moja upande wa Gilgil, na tangu niliposikia habari hiyo sikuweza kukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha hata kusahihisha madaftari.

Maneno ya tangazo nayakumbuka karibu yote. Chanjo ya ndui ingetolewa siku ya Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, katika ghala la kukaushia maua ya pareto. Waliotakiwa kuja ni watoto wote waliotimiza miezi mitatu, na watu wazima ambao hawakuwa wamechanjwa katika muda wa miaka mitatu. Mtoto mwenye homa au mwenye upele wa kuwasha asiletwe hadi apone. Aliyekwisha kuchanjwa katika miaka hiyo mitatu aje vilevile, amwonyeshe mchanjaji kovu lake. Mwishoni palikuwa na mstari ulionikosesha raha: gari la zahanati halingerudi katika mashamba yale mpaka mvua za masika zipite.

Chama kilikutana Jumanne jioni, darasani kwangu. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja mpana, mchuma pareto hodari, ambaye sauti yake ilitosha kufika kambi ya pili bila mtu kutumwa. Nilipomaliza kusoma alitikisa kichwa.

"Saa tatu mpaka saa sita? Hiyo si ndiyo saa ya pareto? Umande umekauka, kikapu kiko mgongoni. Nyapara atatuachilia?"

"Nimeongea naye," nikasema. "Ametupa muda wa saa mbili tu. Ikifika saa tano anataka watu shambani."

"Saa mbili! Na sisi ni kambi tano." Akaanza kuhesabu kambi kwa vidole, akaacha. "Mwalimu, tufanye hivi. Kesho mchana tupite kila kambi, tuangalie mikono. Yule ako na kovu, abaki kazini. Yule hana, Alhamisi aje. Laini itakuwa fupi."

Wanawake wakapiga makofi. Mimi nami nilipiga. Niliiona njia hiyo kuwa ya busara, kwa kuwa ilifanana na namna nilivyopenda mambo yafanyike: kwa mpango na orodha. Sikujiuliza kwa nini tangazo lilitaka kovu lionyeshwe kwa mchanjaji, wala si kwa karani wa chama.

Jumatano tulizunguka, mwenyekiti akishika mikono na kuigeuza kwenye mwanga, mimi nikiandika. Kambi ya mwisho ilikuwa ya wachungaji wa ng'ombe wa maziwa, familia chache zilizoletwa miaka ile ya Hali ya Hatari kutoka upande wa Kericho, wakati watu wengi waliokuwa wakiishi pale walipohamishwa kwa amri ya serikali. Hatukuwa tumezoeana nao bado. Mama mmoja alitutolea watoto wake watatu. Wawili wadogo walikuwa na mikono safi, nikawaandika. Wa tatu, mvulana wa miaka tisa hivi, alikuwa na alama mbili za mviringo juu ya mkono wa kushoto.

"Huyu tayari," mwenyekiti akasema. "Tena mara mbili! Huyu hata ndui itamkimbia."

Mama yake alinitazama mimi. "Tayari nini?"

"Amekwisha kuchanjwa," nikamjibu. "Alhamisi abaki na ng'ombe. Walete hawa wawili."

Aliutazama tena mkono wa mwanawe, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na kalamu mkononi, na mtu mwenye kalamu katika shamba lile hakubishiwa upesi.

Alhamisi gari lilifika kabla ya saa tatu. Mchanjaji, ambaye sote tulimwita dresa, alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata mikunjo yake ikasimama. Alikataa meza ya karibu na tanuri ya kukaushia maua, akasema joto ni adui wa dawa yake, akaomba meza ihamishiwe mlangoni palipokuwa na upepo. Dawa ilikuwa katika vijibomba vyembamba vya kioo, ndani ya chupa ya thermosi yenye barafu. Alitoa kimoja baada ya kingine, hakutoa viwili kwa pamoja. Msaidizi wake aliosha mikono ya watu kwa sabuni na maji, akaiacha ikauke. Mwenyekiti alipouliza kwa nini hawapaki spiriti kama hospitali kubwa, dresa alimjibu bila kuinua uso, "Spiriti itaua dawa, mama. Halafu utarudi nyumbani na mkwaruzo wa bure." Kisha akaweka tone juu ya ngozi, akakwaruza kidogo palepale penye tone, akamwambia mtu asifunike wala asijikune.

Laini ilikwenda haraka, kama tulivyokusudia, na nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo akaja mchungaji mmoja, baba mtu mzima, si baba wa yule mvulana. Alikuja kumsindikiza mkewe tu. Dresa akamwita.

"Na wewe, mzee? Mbona umesimama kama mgeni?"

"Mimi niko na alama," akasema, akapandisha shuka lake. "Hawa mama walisema mwenye alama asipange."

Dresa alimshika mkono, akaupapasa kwa kidole gumba, akacheka. "Hii alikuchanja nani? Hii ni moto."

"Ndiyo, moto. Tukiwa watoto tulikuwa tunaweka kaa hapa. Yule analia, anachekwa mpaka aoe." Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. "Mimi sikulia."

"Sasa njoo tuone kama utalia hapa." Kisha dresa akanigeukia, na hakuwa akicheka tena. "Mwalimu, kovu la moto ni laini, linang'aa. La chanjo lina vishimo vidogo vidogo ndani. Ni nani aliyewaambia mchague watu? Tangazo lilisema waje wote, niangalie mimi."

Nilitazama orodha yangu, mahali nilipoandika kwa mwandiko mzuri, mbele ya jina la kambi ya wachungaji: mmoja tayari. Mama wa mvulana alikuwa ametangulia kupita na watoto wake wawili wadogo, amekaa nje akiwapepea mikono. Nilimwendea.

"Mama, yule mkubwa, zile alama zake ni za nini?"

"Za kaa," akasema. "Alijiweka mwaka jana na wenzake. Mimi nilijua ni za kaa. Lakini wewe mwalimu ulisema amechanjwa, nikafikiri labda serikali ilipita usiku nikiwa nimelala." Alisema hivyo bila ukali, na hilo ndilo lililonichoma.

"Yuko wapi?"

"Na ng'ombe. Kule chini mtoni. Ulisema abaki."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilishuka bondeni kwa miguu, kwanza nikitembea, kisha, baada ya kuona hakuna anayenitazama, nikikimbia na viatu mkononi. Mvulana hakuwa mtoni. Alikuwa amewapandisha ng'ombe ng'ambo, karibu na ua wa miti unaotenga shamba la jirani, na ilinibidi nimwite hadi sauti ikanikauka. Alikataa kuwaacha ng'ombe. Nilimwambia nitamletea mtu. Akauliza mtu gani. Sikuwa na mtu. Mwishowe tulirudi pamoja na ng'ombe wote, kwa mwendo wao, na sijapata kuona wanyama wakila majani kwa utulivu kama ule.

Tulipofika ghalani saa sita ilikuwa imepita. Wachumaji walikuwa wamekwisha kurudi katika mistari ya pareto, lakini mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya gari na kikapu kitupu, akigombana na dereva juu ya njia iliyo fupi ya kwenda shamba la pili. Najua aliijua njia hiyo vizuri sana. Dresa alimtazama mvulana, akatazama saa yake, akatazama kijibomba cha mwisho alichokuwa amekivunja ncha zamani na ambacho kilibaki mezani.

"Barafu imeisha. Hii imekaa," akasema. "Nitajaribu, lakini sikuahidi. Mwangalie siku ya nane. Akiwa na lengelenge, imeshika. Mkono ukiwa mkavu, haikushika, na itakuwa kama hakuchanjwa."

Siku nane hizo nilizipitia vibaya. Kila asubuhi mvulana alipopita mbele ya darasa na ng'ombe nilimwita kwa kisingizio fulani, nikamtazama mkono. Wadogo zake walitoka malengelenge siku ya sita, na mama yao akaja kuniambia wanalia usiku. Sijapata kufurahia kilio cha mtoto kama nilivyofurahia hicho. Mkono wa mkubwa ulikuwa na mkwaruzo mwembamba siku ya tatu. Siku ya nane haukuwa na kitu.

Jioni hiyo niliita kikao cha chama bila kungoja Jumanne. Nilisema jambo lilivyokuwa, kwamba tulifanya kazi ya dresa bila kuijua, na kwamba aliyeandika neno *tayari* ni mimi. Mwenyekiti alitaka kulichukua kosa. "Mimi ndio nilisema hata ndui itamkimbia," akasema, na hakuna aliyecheka. Tukakubaliana chama kiombe karatasi ya ruhusa kwa mwenye shamba, kwa maana siku zile mtu hakutoka shamba moja kwenda mjini bila karatasi, na askari barabarani hawakusikiliza habari za chanjo. Karatasi ilitolewa baada ya siku mbili. Iliandikwa: mwalimu, mama mmoja, mtoto mmoja, kurudi siku hiyohiyo.

Tulipanda lori la maziwa kabla ya jua. Kule zahanati, dresa yuleyule alikuwa mlangoni. Alikiweka kidole juu ya zile alama mbili, akasogea chini yake kidogo penye ngozi safi, akavunja kijibomba kipya kilichotoka katika barafu.

Sikuamini hata hivyo. Siku ya sita nilikwenda kambi ya wachungaji mwenyewe, baada ya masomo. Mama alikuwa anakamua. Aliniona nikija, hakuacha kukamua, akamwita mwanawe kwa lugha yao, naye akaja akikunja uso na kuushika mkono wake mbali na mwili. Palikuwa na lengelenge, limejaa, limezungukwa na wekundu.

"Linaniuma, mwalimu," akasema.

"Usilikune," nikamwambia.

Mama yake akanisogezea kigoda kwa mguu, nikaketi.